Kupanga kamisheni ya mawakala wa mauzo bila kulipia wateja hewa

Mwongozo huu ni wa anayesambaza bidhaa kwa mkopo kupitia mawakala: mteja analipa kianzio, anachukua kifaa, kisha anamalizia deni kwa marejesho ya kila mwezi. Nimeuchagua mfumo huu kwa sababu ndiko kamisheni iliyopangwa vibaya inakoumiza haraka. Duka likiuza kwa fedha taslimu, wakala mdanganyifu ana nafasi ndogo, kwa kuwa fedha yote imeshaingia. Kwenye mkopo, siku ya mauzo kampuni imetoa mali na kamisheni, na imepokea sehemu ndogo tu ya bei.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Bei kamili ya kifaa ni 1,000; iweke kwenye fedha yako mwenyewe. Kianzio ni 100, na marejesho ni 50 kwa mwezi kwa miezi 18. Kifaa kina kufuli ndani yake: mteja asipolipa, kinajizima mpaka alipe.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza mauzo moja yanabeba kiasi gani

Wengi huanza kwa kuuliza washindani wanalipa asilimia ngapi. Usianzie hapo, kwa sababu hujui wao wanapoteza kiasi gani kwa wateja wasiolipa. Anza na hesabu yako. Katika mfano wetu, kununua kifaa na kukifikisha kwa mteja kunagharimu 600. Huduma baada ya mauzo, makato ya kutuma fedha na simu za kufuatilia madeni vinachukua 110. Halafu kuna fedha ambayo haitarudi: wapo watakaoacha kulipa njiani, na ukigawanya hasara hiyo kwa wateja wote inakuja wastani wa 120 kwa kila mmoja. Inabaki 170. Kampuni ikitaka kubaki na 70, usambazaji wote una 100.

Hiyo 100 si ya wakala peke yake. Msimamizi wake naye hulipwa kwa kila mauzo, tuseme 10. Mafunzo, nauli za kuanzia na kazi ya kuhakiki wateja vinataka 20. Kwa hiyo wakala ana 70. Nimeona mipango ikivunjika kwa sababu mtu alitangaza 100 kwa mawakala, kisha akakumbuka msimamizi baadaye. Kupunguza kamisheni uliyokwisha kuitangaza ni kazi ngumu kuliko zote, na mawakala wazuri ndio huondoka wa kwanza, maana wao wana pa kwenda.

Hatua ya 2: Iangalie kutoka mfukoni mwa wakala

Chukua wakala wa kawaida, si yule bingwa mnayempigia makofi kwenye mkutano. Anauza vifaa vingapi kwa mwezi akifanya kazi kwa bidii? Katika mfano wetu ni 12. Nauli na muda wa maongezi vinamgharimu 120. Kazi nyingine anayoweza kupata ingemlipa 600 kwa mwezi. Ili abaki kwako anahitaji kama 720, na zaidi kidogo. Kamisheni ya 70 mara 12 ni 840, kwa hiyo mpango unaweza kusimama.

Kama hesabu hii isingetimia, usijaribu kuiokoa kwa kupandisha malengo. Wakala anayehitaji mauzo 25 ili ale, mahali ambapo soko linatoa 12, atayatafuta hayo 13 pengine. Badilisha eneo lake, mpe bidhaa ya pili ya kuuza, au kubali kwamba atauza kwa muda wa ziada tu na umpange hivyo.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mteja hewa kabla mawakala hawajaifanya

Hapa ndipo ningetaka ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Jiweke mahali pa wakala na ujiulize: nikimsajili mtu asiyekuwepo, nikalipa kianzio kwa fedha yangu, ninabaki na nini?

Anachotoa ni kianzio, pamoja na marejesho yoyote atakayolazimika kulipa kabla ya kupokea kamisheni. Anachopata ni kamisheni, na thamani ya kifaa mkononi mwake. Kifaa chetu kitajizima, hakiuziki kizima, lakini betri na vipuri vyake vitapata mnunuzi kwa 60. Usikadirie bei hiyo ukiwa ofisini. Mtume mtu aulize kwa mafundi wanaonunua vipuri.

Tuseme unalipa kamisheni yote ya 70 siku ya mauzo. Wakala anatoa 100, anapokea 70, anauza vipuri kwa 60. Amepata faida ya 30 kwa kila mteja hewa, bila kutembea jua lote. Kampuni imepoteza kifaa cha 600 na kamisheni ya 70, ikapata kianzio cha 100. Ona urefu wa pengo hilo: ili mtu mmoja apate 30, wewe umepoteza 570, hata kabla ya kuhesabu ya msimamizi.

Sasa igawe kamisheni ileile: 30 baada ya mauzo kuhakikiwa, 20 mteja akilipa rejesho la tatu, na 20 akilipa la sita. Mteja hewa sasa anamgharimu wakala 100 na kumletea 30 na 60, yaani hasara ya 10. Akitaka afike rejesho la tatu itabidi aweke mfukoni 150 zaidi ili apate 20. Hakuna atakayeifanya biashara hiyo. Tofauti ya 10 pale mwanzo ni nyembamba, nakiri, na ndiyo maana ile 30 haitoki mpaka mteja ahakikiwe. Lakini umeondoka kwenye mpango unaomlipa mwizi, ukaja kwenye unaomtia hasara.

Ugawaji huu unatibu na ugonjwa mwingine ulio mwepesi kuonekana kama bidii. Wakala anayepokea 70 papo hapo anaweza kumwambia mteja, “Wewe nipe 60, arobaini nyingine nakuongezea mimi.” Mteja ni wa kweli, jina ni la kweli, lakini ni mtu aliyeshindwa kupata hata kianzio. Marejesho atayapata wapi? Ukilipa 30 mwanzoni, wakala hana cha kumwongezea.

Na kila kianzio kinapobadilika, rudia hesabu. Idara ya masoko ikitangaza ofa ya kianzio nusu, yaani 50, mteja hewa anagharimu 50 na kuleta 90. Ofa hiyo imegeuza hasara ya 10 kuwa faida ya 40, na hakuna aliyegusa jedwali la kamisheni. Kwa msimu wa ofa, isogeze ile 30 mpaka rejesho la kwanza lilipwe: gharama inarudi kuwa 100. Kamwe usiruhusu ofa itoke kabla mtu wa kamisheni hajaiona.

Hatua ya 4: Bonasi isiwe na ukingo

Niliwahi kusimamia mpango uliokuwa na bonasi ya 300 kwa anayefikisha mauzo 20 kwa mwezi. Ulionekana unafanya kazi vizuri sana. Siku moja nikapanga mawakala wote 40 kwa idadi ya mauzo yao ya mwezi. Mawakala 13 walikuwa na 20 au 21. Wenye 18 au 19 hakuwepo hata mmoja. Watu hawauzi hivyo. Kazi halisi inatawanyika: huyu 17, yule 19, mwingine 22. Nilipofungua tarehe, theluthi ya mauzo ya wale 13 yalikuwa ya siku mbili za mwisho wa mwezi, na robo ya wateja hao hawakuwahi kulipa rejesho hata moja.

Makosa yalikuwa yetu, sisi tuliopanga. Kwa wakala mwenye mauzo 19, mauzo ya 20 hayakuwa na thamani ya kamisheni moja. Yalikuwa na thamani ya kamisheni pamoja na 300. Angelipa kianzio cha 100 mfukoni mwake na bado angecheka. Baadhi yao niliwafahamu kama watu waaminifu. Walikuwa wamebakiza mteja mmoja, mwezi unakwisha, na kodi ya nyumba inawadai.

Bonasi iliyo salama hupanda ngazi taratibu, na huhesabu wateja waliolipa, si waliosajiliwa. Katika mfano wetu, fedha yake ipo. Kati ya wateja 12 wa mwezi, tuseme 11 wanafika rejesho la tatu na 10 wanafika la sita. Wakala aliyezoea kazi anapata 360 za mauzo mapya, 220 za rejesho la tatu na 200 za la sita, jumla 780, wakati bajeti ilikuwa 840. Sehemu ya hiyo 60 iliyobaki igeuze bonasi: kuanzia mteja wa tisa anayefikisha rejesho la tatu ndani ya mwezi, sehemu ya wakala ipande kutoka 20 hadi 30, kwa huyo wa tisa na wanaomfuata tu, bila kurudi nyuma kwa wale wanane. Kwa wakala wetu hiyo ni 30 ya ziada. Si nyingi, lakini hakuna siku ambayo mteja mmoja anabeba mwezi mzima mgongoni.

Hatua ya 5: Vusha wakala mpya kwenye miezi mikavu

Ugawaji wa kamisheni una gharama yake, na usiifiche. Mwezi wa kwanza wakala anapata 360 tu, akiwa na nauli ya 120. Sehemu ya pili haitaanza kuingia mpaka mwezi wa nne, na ya tatu mpaka wa saba. Ukimwacha hivyo ataondoka mwezi wa pili, au atachukua fedha za wateja.

Mpe msaada wa kuanzia kwa miezi mitatu, ule unaotoka kwenye ile 20 ya mafunzo na uhakiki. Ufungamanishe na kazi unayoweza kuiona: maonyesho ya bidhaa aliyofanya, wateja wa zamani aliowatembelea, mafunzo aliyohudhuria. Usiufungamanishe na idadi ya mauzo, kwa sababu utakuwa umerudisha kwa mlango wa nyuma ule ukingo ulioufukuza mbele.

Pia lipa mapema kile kinacholipwa mapema. Ile 30 itoke kila wiki, siku inayojulikana, pamoja na orodha ya majina ya wateja ambao imetokana nao. Kuchelewesha kamisheni halali huzaa wizi. Wakala anayedai wiki tano ataanza kupokea kianzio mkononi na “kujilipa mwenyewe”, na moyoni hataona kwamba ameiba. Kwa sababu hiyohiyo, fedha ya mteja iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni kutoka kwenye simu ya mteja. Wakala asiiguse.

Wapo wanaopendelea kulipa yote mwanzoni, kisha kukata mteja akiacha kulipa. Sikushauri. Karatasi ya malipo inajaa makato ya miezi iliyopita ambayo wakala hayaelewi, na yule aliyedanganya zaidi ndiye atakayekuwa ameshazima simu utakapotaka kumkata. Fedha ambayo bado haijatoka hailazimu mtu kuirudisha.

Hatua ya 6: Hakiki, lakini asihakiki anayenufaika

Msimamizi anayelipwa 10 kwa kila mauzo ya timu yake hawezi kuwa ndiye anayethibitisha mauzo hayo. Hata akiwa mwadilifu, umemweka pabaya. Kamisheni yake ifunge kwenye rejesho la tatu, na uhakiki ufanywe na mtu wa ofisi nyingine.

Kwa kila mauzo mapya, mpigie mteja ndani ya siku chache. Usimuulize, “Umenunua kifaa chetu?” Atajibu ndiyo, na hata aliyekopeshwa laini ya simu atajibu ndiyo. Muulize kifaa amekiweka wapi ndani ya nyumba, nani alikifunga, kila mwezi analipa kiasi gani na kwa miezi mingapi. Mteja hewa hupatikana kwenye swali la pili. Zaidi ya simu, mtembelee mteja mmoja katika kila kumi, ukiwachagua kwa bahati nasibu, na wakala asijue ni yupi.

Swali la marejesho linafichua jambo lingine pia. Ukipata mteja wa kweli, mwenye kifaa, anayesema aliambiwa atalipa miezi 12 au kwamba akishindwa hakuna neno, huo si uhewa. Wakala ameuza kwa maneno ya uongo, au hakuelewa mafunzo. Mteja hewa anakutaka umsimamishe wakala na uchunguze; huyu wa pili anakutaka umsikilize wakala akiuza, umrekebishe, na umpe mteja nafasi ya kurudisha kifaa. Ukiwaadhibu wote sawa utapoteza watu uliokuwa na uwezo wa kuwafundisha.

Kwenye jedwali lako, alama ya kutazama kila wiki kuliko zote ni moja: kati ya wateja wa wakala huyu ambao tarehe ya rejesho la kwanza imeshapita, wangapi hawajalipa hata moja? Mteja halisi hukwama mwezi wa tano au wa nane, mambo yakimzidi. Asiyelipa kabisa, mara nyingi hakuwepo au hakuambiwa ukweli. Kama namba ya wakala iko safu B na idadi ya marejesho yaliyolipwa iko safu E, hesabu ya wakala W07 ni hii:

```
=COUNTIFS(B:B,"W07",E:E,0)/COUNTIF(B:B,"W07")
```

Safu E iwe na 0 iliyoandikwa, isiachwe wazi, na wateja ambao tarehe yao haijafika wasiwemo kwenye karatasi hiyo, la sivyo utamtuhumu mtu kwa kuuza wiki iliyopita. Na usihukumu kwa idadi ndogo. Wawili kati ya wanane inaweza kuwa bahati mbaya. Tisa kati ya 36, wakati wenzake wa eneo lilelile wana wawili au watatu, inakutaka ufunge safari. Kabla ya kwenda, angalia pia kama vianzio kadhaa vimelipwa kutoka laini moja ya simu. Hilo pekee halitoshi kuwa ushahidi, maana wapo wazee wanaolipiwa na jirani mmoja kwa kukosa simu, lakini linakuonyesha nyumba ya kuanzia.

Hatua ya 7: Jaribu, andika, na amua mapema habari ya anayeondoka

Anza na maeneo mawili kati ya yote, moja lenye mauzo mazuri na moja dhaifu, na usitoe hukumu kabla ya miezi saba, kwa sababu kabla ya hapo sehemu ya tatu ya kamisheni haijalipwa hata mara moja. Miezi miwili ya kwanza mauzo yatashuka ukilinganisha na mpango wa zamani. Usitishike na namba hiyo peke yake. Linganisha wateja waliofika rejesho la tatu. Mara nyingi kilichopungua ni wale ambao hawangelipa kamwe.

Mkataba uwe ukurasa mmoja, wenye mfano wa hesabu kama tulioufanya hapa, na wakala aifanye hesabu hiyo mwenyewe mbele yako kabla hajatia sahihi. Mabadiliko yoyote yaanze kwa mauzo mapya tu. Mteja aliyeuzwa chini ya kanuni za zamani alipiwe kwa kanuni za zamani.

Swali litakalokuja, na bora uwe na jibu lililoandikwa, ni hili: wakala akiacha kazi, zile 20 zilizobaki kwa kila mteja ni za nani? Ukizifuta zote, waliobaki wataona na watajua kwamba fedha yao iko mateka. Ukiendelea kumlipa aliyeondoka mpaka mwisho, hakuna anayewatembelea wateja wake. Mimi hugawa: sehemu ya rejesho la tatu ni yake, kwa kuwa aliyemchagua mteja ni yeye, nayo hulipwa hata akiwa ameondoka, mradi hakukutwa na mteja hewa. Sehemu ya rejesho la sita humwendea anayewarithi wateja hao. Naye siku hiyohiyo apewe orodha yao, yenye majina, simu, na rejesho ambalo kila mmoja amefikia.